Picha ya tiketi ya trafiki imepotea: andika nini upya ili ujue mwisho wa kulipa, kiasi na njia ya kupinga

Shemeji yangu anaendesha Fuso ya mizigo kati ya Malaba na Kampala, na mimi ndiye ninayemshikia daftari la gari. Jumanne tarehe 24 Machi alinipigia simu akiwa stendi.

"Shem, ile picha ya tiketi imepotea. Fundi alifuta simu yote."

"Na karatasi yenyewe?"

"Ilikuwa kwenye shati. Shati lilifuliwa."

Bosi alitaka majibu matatu kabla ya jioni: mwisho wa kulipa ni lini, ni pesa ngapi, na kama kosa lenyewe linapingika. Tulikuwa na kumbukumbu ya shemeji tu, na siku nane zilizobaki ambazo hatukujua bado kwamba ni nane. Nitaeleza njia tuliyopita kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ukivurugika unaweza kulipia tiketi ya mtu mwingine ukadhani umemaliza.

Nazungumzia tiketi ya EPS, yaani faini ya papo hapo unayoandikiwa na askari wa trafiki mwenye sare nyeupe barabarani. Risiti za maegesho ya mjini ni jambo lingine kabisa na hazifuati njia hii. Tiketi za kamera nitazigusa kidogo mbele.

Kabla ya kuandika chochote, itafute picha dakika kumi

Picha ikifutwa kwa mkono huwa haijaondoka mara moja. Kwenye Google Photos fungua Trash: picha iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60, ambayo haikuhifadhiwa hukaa 30. Kwenye aifoni ni siku 30 pia. Simu iliyofutwa yote kwa fundi haina cha kufufua ndani yake, lakini akaunti ya Google inaweza kuwa nayo, kwa hiyo ingia na anwani ileile ya barua pepe kwenye simu nyingine.

Jiulize pia kama uliwahi kumtumia mtu picha hiyo. Madereva wengi humtumia bosi palepale barabarani, kisha wakasahau. Kama simu iliyoituma haijafutwa, nakala hukaa hapa kwenye Android:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Images/Sent
```

Kwa upande wetu bosi aliwahi kutumiwa, ila alishaifuta. Tulichopata kwake ni ile picha ndogo yenye ukungu inayobaki kwenye mazungumzo. Haisomeki maandishi madogo, lakini namba kubwa ya juu ilionekana nusu. Tuliichukua hivyo hivyo. Picha yenye ukungu inakusaidia kuhakiki unachokumbuka, ila usiitegemee peke yake, maana 3, 8 na B huko ndani zote ni doa moja.

Andika unachokumbuka kabla hujauliza mtu

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Wanakimbilia kituoni, karani anawaambia "si ilikuwa laki mbili?", nao wanaitikia. Kuanzia hapo hawajui tena kipi walikikumbuka wao na kipi wameambiwa. Kama baadaye utataka kupinga, kumbukumbu iliyochanganyika namna hiyo haina nguvu.

Keti na dereva mwenyewe, umwache aseme, wewe uandike. Kila mstari uweke alama: H ni hakika, N ni nadhani, S ni sijui. Pale ambapo herufi au tarakimu haijulikani weka alama ya kuuliza, usijaze kwa kubahatisha. Hivi ndivyo karatasi yetu ilivyokuwa:

```
Namba ya tiketi:    mwisho ni 4?7                  N
Namba pleti:        UBK 3?8C                       N
Jina la dereva:     kama kwenye pemiti             H
Namba ya pemiti:    inasomwa kwenye kadi           H
Tarehe:             04/03                          H
Saa:                asubuhi, kabla ya saa nne      N
Mahali:             baada ya Jinja, kuelekea Iganga N
Kosa:               maneno mawili ya Kiingereza    N
Kiasi:              laki moja                      N
Jina/namba ya askari:                              S
Kituo:              kimetajwa juu ya tiketi        N
```

Utaona shemeji alikuwa na hakika ya mambo matatu tu. Hiyo ni kawaida. Dereva aliyesimamishwa anaangalia pesa na saa, hasomi karatasi.

Sasa jaza mapengo kwa vitu ambavyo havijapotea. Namba pleti iko kwenye gari na kwenye kadi ya gari. Inachekesha kidogo kwamba dereva wa miaka minne hakumbuki tarakimu moja ya gari analolala ndani yake, lakini ndivyo watu tulivyo. Namba ya pemiti inakili kutoka kwenye kadi ya plastiki, usiitoe kichwani. NIN iko kwenye kitambulisho cha taifa, nayo ina herufi na tarakimu 14, ikianza na CM kwa raia mwanamume na CF kwa mwanamke. Watu huchanganya NIN na namba ya pemiti, na karani akitafuta kwa moja badala ya nyingine ataambulia patupu na kukuambia huna tiketi. Ukifurahia jibu hilo ukaenda nyumbani, siku zinaendelea kukatika.

Umbo la namba pleti nalo linakusaidia kusahihisha. Pleti za zamani za magari ya kawaida zina herufi tatu zikianza na U, tarakimu tatu, kisha herufi moja mwishoni. Kwa hiyo doa lililo katikati ya tarakimu haliwezi kuwa B wala O, lazima liwe 8, 3 au 0. Na doa lililo mwisho haliwezi kuwa 8 au 0. Pleti mpya za dijitali zimepangwa vingine, zinaanza na UA, tarakimu tatu, na herufi mbili. Gari likiwa limebadilishwa pleti baada ya tiketi kuandikwa, andika zote mbili, kwa sababu tiketi imebaki na ile ya zamani.

Kosa ulikumbuke kwa maneno yale yale ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye karatasi, hata kama unayatamka vibaya. Usilitafsiri. Shemeji alisema "nilikatwa kwa kuovateki", lakini tiketi haikuwa na neno hilo. Ilisema kuendesha bila uangalifu. Hayo ni makosa mawili tofauti, yenye pesa tofauti, na utetezi wa moja haufai kwa lingine.

Tarehe, na mida miwili inayokwenda kwa wakati mmoja

Tiketi ya EPS ya askari inakupa siku 28 za kulipa. Siku uliyoandikiwa haihesabiwi, unaanza kuhesabu kesho yake. Na kwa kuwa 28 ni wiki nne kamili, kuna njia rahisi kuliko kuhesabu vidole: mwisho wako unaangukia siku ileile ya wiki uliyosimamishwa, wiki nne mbele. Ulisimamishwa Ijumaa, mwisho ni Ijumaa ya nne. Jumapili na sikukuu zilizo katikati zinahesabiwa kama siku nyingine yoyote. Hazikuongezei kitu.

Shemeji aliandikiwa 04/03. Uganda tunaanza na siku, kwa hiyo hiyo ni tarehe 4 Machi, na ilikuwa Jumatano. Wiki nne mbele ni Jumatano tarehe 1 Aprili. Bosi, ambaye simu yake imepangwa kwa mtindo wa kuanza na mwezi, aliisoma kama Aprili 3, akadhani ndiyo siku ya mwisho ya kulipa, na akataka kusubiri. Angesubiri angechelewa. Kila unapoandika tarehe upya, andika mwezi kwa jina lake. Usiandike 04/03 kwenye karatasi ambayo mtu mwingine ataisoma.

Njia ya kuhakiki tarehe kama dereva hana uhakika: siku ya wiki ndiyo hukumbukwa vizuri kuliko tarehe. Shemeji alijua ilikuwa siku ya soko fulani njiani. Risiti ya mafuta ya asubuhi hiyo, karatasi ya mizani ya Magamaga au Busitema, au meseji ya MTN MoMo ya pesa ya chakula, yoyote kati ya hizo ina tarehe na saa iliyopigwa na mashine. Sisi tulikuwa na karatasi ya mizani. Ilitupa saa pia, na saa hiyo ilikuja kufaa baadaye.

Sasa ule muda wa pili, unaohesabika sambamba na wa tiketi. Faini hizi huingia serikalini kupitia URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na malipo yanakwenda kwa PRN, namba ya tarakimu 13 inayotolewa unapoandikisha malipo. PRN ina maisha yake, kwa kawaida siku 21 tangu itolewe. Watu wanaona tarehe ya mwisho kwenye karatasi ya PRN na kudhani ndiyo tarehe ya mwisho ya tiketi. Sivyo. Tazama kwa mfano wetu. Kama PRN ingetolewa tarehe 6 Machi, ingekufa tarehe 27 Machi ilhali tiketi bado ina siku tano. Hapo huna tatizo, unatoa nyingine. Lakini kama ingetolewa tarehe 25 Machi, ingekuwa hai mpaka 15 Aprili, wiki mbili baada ya tiketi kupita muda. Dereva anaangalia karatasi ya PRN, anaona 15 Aprili, anatulia. Huyo ndiye anayekuja kulalamika kwamba pesa imeongezeka bila sababu.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako weka mistari miwili tofauti: "mwisho wa tiketi" na "mwisho wa PRN". Ukikuta meseji ya zamani yenye PRN kwenye simu ya bosi au ya mke wako, ni hazina, kwa sababu inathibitisha kuna mtu aliyeshaandikisha malipo. Ila kutolewa kwa PRN si kulipa. Kwenye ura.go.ug kuna sehemu ya kuangalia hali ya PRN, nayo itakuambia kama imelipwa, bado, au imekwisha muda. Ukikwama, simu ya bure ya URA ni 0800117000.

Kuipata tiketi tena

Namba ya tiketi ndiyo ufunguo. Ukiwa nayo kamili, mengine yote ni ya kuhakiki tu. Usipokuwa nayo, nenda kwa kituo kilichoitoa, kwenye ofisi ya trafiki, umtafute OC wa trafiki, yaani mkuu wa ofisi hiyo, au karani wake. Askari aliyekuandikia hubaki na kumbukumbu ya tiketi, kwa hiyo tiketi yako haijapotea, imepotea nakala yako. Mwambie hivyo hivyo: "Afande, nakala yangu imepotea, naomba namba ya tiketi na kiasi." Mpe pemiti, namba pleti, tarehe na mahali. Usimpe kiasi. Mwache akisome yeye.

Kama kituo kiko mbali, mtu mwingine anaweza kukuulizia, lakini abebe nakala ya pemiti na kadi ya gari, na yeye pia asitaje kiasi.

Karani wa kwanza tuliyemkuta, mahali fulani kati ya Jinja na Iganga, alituuliza namba ya tiketi. Shemeji, kwa haraka, akajaza lile pengo: akasema 437. Ikatoka tiketi. Laki mbili. Karani akaandika namba kwenye kipande cha karatasi, shemeji akawa tayari ameshika simu alipe. Nikamuomba karani asome namba pleti iliyo kwenye ile tiketi. Ilikuwa ya bodaboda.

Tukarudi mwanzo, tukatafuta kwa pemiti. Ikatoka tiketi inayoishia 487, tarehe 4 Machi, pleti yetu, laki moja. Ile tarakimu iliyokuwa doa ilikuwa 8.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kulipa, hakikisha vitu vitatu vinaafikiana kwenye tiketi moja: namba pleti, tarehe, na jina au pemiti ya dereva. Viwili havitoshi. Gari moja linaweza kuwa na tiketi mbili za madereva wawili, na dereva mmoja anaweza kuandikiwa mara mbili siku moja njia ile ile. Pesa ikishaingia kwa tiketi ya mwingine, kuirudisha ni safari nyingine, na tiketi yako inabaki pale pale haijalipwa.

Na kuhusu mahali pa kutuma pesa: faini inalipwa kwa PRN, benki au kwa simu, kwenye menyu ya MTN ya \*165# au ya Airtel ya \*185#, sehemu ya kodi na URA. Jina la URA linapaswa kutokea kabla hujaweka namba ya siri. Mtu akikupa namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama amevaa sare, hiyo si faini. Vile vile usibonyeze kiungo kilichokuja kwa meseji kikidai kukuonyesha tiketi yako iliyopotea. Andika anwani ya tovuti mwenyewe kwa mkono.

Kiasi kisipolingana na unachokumbuka

Sheria zetu huandika faini kwa pointi za fedha, na pointi moja ni shilingi 20,000. Laki moja ni pointi tano, laki mbili ni pointi kumi. Hii inakupa kipimo cha haraka: faini ya msingi ya kosa moja inapaswa kugawanyika kwa 20,000 bila mabaki. Ukiambiwa 115,000, ama kuna nyongeza ya kuchelewa ndani yake, ama kuna mtu ameongeza lake. Uliza ipi.

Kiasi kikiwa kikubwa kuliko unavyokumbuka, sababu za kweli huwa ni tatu. Umepita muda na nyongeza imeingia. Au tiketi ilikuwa na makosa mawili na wewe ulikumbuka la juu tu. Au unaangalia tiketi isiyo yako, kama sisi na ile bodaboda. Omba usomewe kosa, tarehe na kiasi cha msingi kila kimoja peke yake, na uandike huku unasikiliza. Jumla peke yake haikuambii kitu.

Tiketi za kamera ni habari nyingine kidogo. Mfumo wa EPS Auto ulianza Juni 2025, ambapo kuzidisha mwendo mpaka kilomita 30 kwa saa juu ya kikomo kulikuwa kwa 200,000, na zaidi ya hapo 600,000. Mwezi huo huo, baada ya malalamiko ya watu, Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ikausimamisha. Kama unachotafuta ni tiketi ya kamera, basi tarehe ya tukio ndiyo ya kwanza kuandika, na usidhani muda wake ni zile siku 28 za tiketi ya askari. Soma muda uliotajwa kwenye ujumbe wenyewe. Jambo jingine: tiketi ya kamera inamfuata mwenye gari aliyeandikishwa, si aliyekuwa usukani. Kama uliuza gari na mnunuzi hajabadilisha jina, tiketi zake zitakuja kwako. Hapo kitu cha kunakili ni tarehe ya mkataba wa mauzo, uiweke kando ya tarehe ya tiketi.

Ukitaka kupinga

Amua kabla ya kulipa. Huu ndio msingi wa EPS: ukilipa, kosa limeisha na halipelekwi mahakamani. Huwezi kulipa leo kisha kesho ukasema hukukosa. Kama unapinga, unaikataa tiketi ndani ya zile siku 28 na kuomba kesi ipelekwe mbele ya hakimu. Ukikaa kimya mpaka siku ziishe, hujapinga, umechelewa tu.

Pima vizuri lakini. Mahakamani hakimu hafungwi na kiasi cha tiketi, ana kiwango cha sheria yenyewe, nacho kinaweza kuwa kikubwa zaidi. Kuna pia siku za kwenda na kurudi, na gari lililosimama. Kwa faini ya laki moja, dereva wa mizigo mara nyingi anapoteza zaidi ya hiyo kwa siku mbili tu. Mimi napinga pale ambapo kuna kitu kilichoandikwa kinachosema tiketi haiwezi kuwa kweli, au pale ambapo rekodi ya dereva ndiyo kazi yake. "Askari hakunisikiliza" peke yake siipeleki popote.

Kitu kilichoandikwa ni kipi? Kwanza ni mahali na saa. Hapa ndipo ile karatasi yetu ya mizani ilipoingia. Tiketi ilisema saa tatu na nusu asubuhi, mahali fulani kabla ya mizani. Karatasi ya mizani ilionyesha gari lilipimwa saa tatu na dakika ishirini. Gari lililokwisha kupita mizani haliwezi kuwa nyuma yake dakika kumi baadaye. Shemeji aliposikia akaruka: "Basi tumeshinda!" Nikamwambia atulie. Saa ya askari na saa ya mashine zinaweza kupishana, na tofauti ya dakika kumi hakimu ataiona kama kosa la kuandika. Tofauti ingekuwa masaa mawili, ningesema twende. Na mwenyewe alikuwa amekiri kwangu kwamba alilipita lori kwenye kona.

Pili ni kosa lenyewe. Tiketi ya ubovu wa gari inapingwa kwa ukaguzi, na ukaguzi una maana ukifanyika gari likiwa bado kama lilivyokuwa. Ofisi ya ukaguzi wa magari ya polisi iko Naguru. Ukishabadilisha taa kisha ukaleta ripoti kwamba taa ni nzima, hujathibitisha kitu. Kwa kosa la mwendo, nakili vitu viwili tofauti: mwendo uliosomwa na kikomo cha mahali pale. Bila vyote viwili hujui unachopinga. Rudi ukapige picha ya kibao cha barabarani, au ya mahali kilipopaswa kuwepo, safari hii uitume kwa watu wawili.

Barua ya kukataa iwe fupi. Iandike kwa Kiingereza kama unaweza kusaidiwa, kwa kuwa faili la polisi liko kwa lugha hiyo, na maneno ya kosa lazima yafanane na ya tiketi. Ndani yake weka namba ya tiketi, namba pleti, pemiti, tarehe yenye jina la mwezi, saa, mahali, kosa, na sentensi moja inayosema hukubali na unaomba ipelekwe mahakamani. Sababu ndefu zihifadhi kwa hakimu. Peleka nakala mbili kwa OC wa trafiki wa kituo kile, moja ipigwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Mhuri huo ndio unaoonyesha kwamba hukukaa kimya. Nakala hiyo ihifadhi kwenye karatasi, siyo kwenye simu peke yake.

Kama lalamiko lako ni kwamba askari aliomba kitu kidogo, hilo halipingwi kwa njia hii. Lipeleke kwenye kitengo cha polisi cha maadili, PSU, na lina faili lake. Tiketi inaendelea kuhesabu siku huko nyuma, kwa hiyo ilipe au ikatae kwa wakati wake huku lalamiko likiendelea.

Sisi tulilipa tarehe 26 Machi, laki moja, kwa PRN iliyotolewa siku hiyo hiyo. Baada ya kulipa niliangalia hali ya PRN mpaka ikasoma kuwa imelipwa, nikaichapisha, nikaandika nyuma yake kwa kalamu namba ya tiketi inayoishia 487, kwa sababu risiti ya benki haitaji tiketi na miezi sita baadaye hakuna atakayekumbuka ilikuwa ya nini. Karatasi imo kwenye dashibodi ya Fuso, ndani ya bahasha ya plastiki. Shemeji amekatazwa kuitia kwenye shati.